Kusahihisha na Kubadili

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote katika mkataba wangu wa ukurasa mmoja ni hii: "Kusahihisha ni kurekebisha kile tulichokwisha kukubaliana, kubadili ni kuomba kitu kipya." Kuna aya za tasnifu yangu ya uzamili ambazo zilikuja haraka zaidi.

Ada ya chuo naichangia kwa kubuni lebo, mabango na kadi. Mteja aliyenifanya niandike sentensi hiyo ni mama mmoja wa hapa Igoma, anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba, anawachambua mchanga na kuwafunga kwenye pakiti. Anasali kanisa moja na mama yangu. Kwa hiyo kazi ikiharibika, habari ingefika nyumbani kabla yangu. Nilipomwambia tuandikishane, alicheka: "Mwanangu, sisi si ndugu?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana.

Alichoniomba kilikuwa maneno mawili tu: "Nitengenezee lebo." Ndani ya maneno hayo yeye alikuwa anaona pakiti zimeshabandikwa stika, ziko dukani. Mimi nilikuwa naona faili. Katikati ya hizo picha mbili ndipo ugomvi huzaliwa, hivyo kifungu cha kwanza tulikiandika pamoja, tumekaa kwenye ndoo zake: muundo mmoja wa lebo, kwa pakiti za robo kilo, nusu kilo na kilo moja, rangi zisizozidi nne, maandishi ya Kiswahili. Kisha tukaandika kisichokuwemo, na hicho ndicho watu wengi hukiruka: kuchapa, kupiga picha, na kushughulikia vibali vya bidhaa. Yeye angeniletea jina la biashara, uzito, namba ya simu na maelezo ya matumizi, yameandikwa. Siku zangu kumi za kutoa sampuli ya kwanza zingeanza siku nitakapoyapokea maelezo hayo. Tukizihesabu tangu siku ya kusaini, kila siku anayochelewa kuniletea ingekuwa inakatwa kwenye siku zangu.

Kwenye malipo alinishinda kwa uzoefu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Yeye huwatangulizia wavuvi pesa kabla ya giza ili apate mzigo kwanza. Malipo ya awali hayakuwa jambo la kumfundisha. Kazi nzima ilikuwa shilingi 180,000, nusu siku ya kusaini. Akauliza, "Na nikikulipa ukapotea?" Swali halali kabisa. Tukaandika kwamba sampuli isipofika katika siku hizo kumi, namrudishia 90,000 zake zote. Akighairi yeye baada ya kuiona sampuli, nusu hiyo inabaki kwangu.

Nusu ya pili ndiyo yenye mtego. Mikataba mingi ya vijana wenzangu husema italipwa "kazi ikikamilika". Ikikamilika kwa macho ya nani? Mteja asiyetaka kulipa hahitaji kukataa kulipa. Inatosha akae kimya, au aseme bado kidogo. Kwa hiyo tuliandika kwamba salio linalipwa kabla sijakabidhi faili la kuchapia, na kwamba asiponijibu ndani ya siku saba tangu apokee sampuli, nitahesabu ameikubali na salio litadaiwa. Hapo akapinga. Akienda kununua mzigo Ukara, mtandao unamtupa. Tukaweka siku kumi na nne. Sikuzipenda, lakini kifungu ambacho mteja amekivuta upande wake ni kifungu anachokikumbuka.

Kisheria karatasi yetu haikuhitaji mwanasheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa hiari yao, kwa malipo na kwa jambo halali. Hata ya mdomo hufunga. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, makubaliano yaliyofanywa kwa njia ya elektroniki nayo yanatambuliwa. Lakini tuwe wakweli: ni nani atakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa 90,000, apoteze siku na nauli? Karatasi ya kazi ndogo inatulinda kwa mpangilio wa nani anatoa nini kwanza. Pesa ikitangulia faili, kesi haizaliwi.

Sasa masahihisho. Mwaka uliotangulia, duka moja la mjini lilinirudishia bango mara kumi na moja. Kila mara jambo moja dogo, na kila mara kwa sauti ya mtu mwingine: mwenye duka, mkewe, shemeji yake. Hivyo kwa mama wa dagaa niliandika duru mbili, si masahihisho mawili. Duru moja ni orodha moja, hata iwe na mambo ishirini, inayotumwa kwa pamoja ndani ya siku tano. Anayeituma ni yeye peke yake. Wanawe na wateja wake wanaweza kumshauri wanavyotaka, ila ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa binamu si orodha. Duru ya tatu ingekuwa 20,000.

"Na ukikosea jina langu?" akauliza. Tukaongeza: neno nitakaloandika tofauti na karatasi aliyonipa nalirekebisha bure, wakati wowote, na halihesabiwi duru.

Ili kujua kipi ni kusahihisha na kipi ni kubadili, tulikuwa na kipimo kimoja: rudi kifungu cha kwanza. Ombi likitimizwa bila kugusa kilichoandikwa pale, ni sahihisho. Orodha yake ya kwanza ilikuwa na mambo matano. Bluu iwe kijani, uzito uonekane kwa mbali, namba ya simu ishuke chini, dagaa wa kwenye mchoro wapungue, jina likolee. Yote masahihisho. La sita alilitaja kwa mdomo: pakiti ya dagaa wa pilipili. Tukaifungua karatasi, tukasoma "pakiti za robo kilo, nusu kilo na kilo moja". Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni nyingine." Tukapatana 40,000, nikaiandika chini ya ukurasa, tukasaini wote wawili.

Duru ya pili niliipeleka kwenye karatasi, kwa saizi halisi, nikaibandika kwenye pakiti iliyojaa. Kwenye kioo cha simu kila lebo inasomeka. Kwenye pakiti iliyokunjamana tarehe ya kufungashwa ilikuwa imemezwa na mkunjo. Tukaipandisha. Akasaini pembeni ya karatasi hiyo kwamba maneno na tarakimu ziko sawa. Saini hiyo ina uzito wake, maana stika elfu moja zikishachapwa na namba ya simu isiyo yake, lazima ijulikane nani aliipitisha.

Alinilipa salio jioni ileile kwa M-Pesa, nikamtumia faili nikiwa bado kituoni.

Wiki tatu baadaye akanipigia. Mdogo wake wa Geita naye amefungua biashara ya dagaa, anataka kutumia lebo ileile, abadili namba ya simu tu. Niliitoa karatasi nikaisoma yote. Haikusema lolote kuhusu mtu wa tatu. Ilimpa yeye lebo kwa ajili ya biashara yake. Kwangu "yake" ilimaanisha ya Igoma. Kwake ilimaanisha ya familia. Tulizungumza karibu nusu saa, tukafika 30,000 kwa mdogo wake, na akanitaka niiandike pia kwamba hakuna ndugu wa tatu atakayedai bei hiyo.