Bango la Fundi Simu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimempelekea fundi wa Kariakoo rasimu ya bango lake. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Dada, huyu mkono haujaungua?" Mtu niliyemchora ameshika pasi ya kuchomelea risasi kwenye chuma chenyewe, panapofika nyuzi 350 za sentigredi. Nilinakili mkono ule kwenye picha ya mtandaoni. Halafu akagusa simu iliyofunguliwa: bodi moja ya kijani, toka juu hadi chini. "Hii redio. Betri iko wapi?" Kaniambia nije kesho mapema, kabla wateja hawajajaa.

Jumanne, 15 Julai

Nimekaa pembeni ya meza yake na penseli. Simu ya kwanza ilikuwa haiwaki. Alipasha moto kingo za mfuniko, akapitisha kadi nyembamba ya plastiki mpaka gundi ikaachia. Skrubu alizipanga kwenye mkeka wa silikoni kama zilivyotoka, maana ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kuharibu bodi. Kabla ya kugusa kingine, alichomoa kiunganishi cha betri.

Kumbe ndani ni betri kwanza: bapa jeusi lililoshika karibu nusu ya simu. Juu yake ipo bodi kuu, ndogo kuliko nilivyodhani, chipu zake zimefunikwa vibati vya rangi ya fedha. Chini ipo bodi ndogo ya chaji, na utepe mwembamba unapita juu ya betri kuziunganisha bodi hizo mbili.

Akaitoa bodi kuu, akaiunga kwenye pawasapulai aliyoiweka volti 4. Hajabonyeza kitufe cha kuwasha, lakini mita tayari inasoma ampea 1.2. "Hapa ilitakiwa iwe sifuri. Kuna shoti."

Akabandua kibati, akaifukizia bodi moshi wa rosini mpaka ikafanya ukungu mweupe, kisha akarudisha umeme. Ukungu ukayeyuka mahali pamoja tu, juu ya kapasita ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Ndiyo iliyokuwa inapata moto. Aliing'oa kwa bloa na kibanio chini ya hadubini, akaweka nyingine ya kutoka bodi mbovu. Mita ikasoma sifuri. Alipobonyeza kitufe, ampea zikaanza kupanda na kushuka, na hapo akatabasamu: simu inaamka.

Ijumaa, 18 Julai

Nimechora upya. Mkono uko kwenye mpini. Betri ipo mahali pake na kiunganishi kimechomolewa, bodi imelala kwenye kishikio chini ya hadubini. Bloa nimeiweka kwenye stendi, mbali na betri, kwa sababu betri ya lithiamu ikipigwa moto huvimba na yaweza kulipuka. Pawasapulai, niliyokuwa nimeiandika volti 12 ambazo zingeunguza bodi, sasa inasoma 4.00 na 0.00.

Fundi amesogeza karatasi karibu na taa, akahesabu vitu kimoja kimoja kwa kidole. "Hii naitundika," amesema.

Kesho inakwenda kuchapwa, sentimita 60 kwa 90.