Neno Askari na Karatasi ya Baba

Katika lugha yetu neno askari hubeba watu wengi. Mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, na mzee anayekesha langoni mwa ghala akiwa na rungu na tochi naye ni askari. Sisi hatukuwahi kulifikiria jambo hili mpaka baba yetu alipotoka jeshini baada ya miaka 22, akiwa na cheo cha sajini, akaanza kutafuta kazi hapa Mombasa.

Katika muda wa miezi mitano alipeleka barua kwa kampuni 11 za maghala na uchukuzi, kuanzia Changamwe hadi Miritini. Tatu zilimjibu, na zote tatu zilimpa kazi moja: kulinda lango usiku. Hatusemi kwamba ulinzi ni kazi ya aibu, kwani ni riziki ya halali na majirani zetu kadhaa wamesomesha watoto kwayo. Lakini baba hakuwa mlinzi. Miaka sita ya mwisho ya utumishi wake alisimamia ghala la vifaa, na ghala ndilo alilokwenda kuomba.

Meneja mmoja, kijana mwenye adabu, alimweleza kwa upole: "Mzee wangu, nimeisoma karatasi yako mara mbili. Naona ulikuwa askari mwema. Sioni ulikuwa ukifanya kazi gani."

Jioni ile mama aliitandaza karatasi hiyo juu ya mkeka, nasi mabinti zake wawili tukakaa ubavuni pake tukaisoma kana kwamba ni ya mtu tusiyemjua. Ilisema hivi: "Sajini, stoo ya kwatamasta, Kombania ya Makao Makuu. Nilitii amri na nilikuwa na nidhamu ya hali ya juu." Tukamwelewa yule meneja. Kwatamasta ni ofisa anayesimamia vifaa vya kikosi, na kila mwanajeshi anajua uzito wa kukabidhiwa stoo yake. Mtu wa nje hajui. Akiona neno kombania hudhani ni kampuni, na akiona cheo cha sajini hajui kama chini yake walikuwapo watu wawili au mia mbili. Neno pekee analolitambua katika karatasi nzima ni nidhamu, na nidhamu bila kazi humpeleka moja kwa moja langoni.

Basi tuliiweka karatasi kando, tukaanza kumhoji baba. Ingawa maandishi ya mwisho yaliandikwa kwa Kiingereza, kama waajiri wengi wa mjini wanavyotaka, kazi ya kuyafikiri tuliifanya kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na tunaamini hilo ndilo lililotusaidia. Tulimkataza kutaja cheo, kikosi au jina la kitengo. Tulimwuliza maswali ya mtu asiyejua lolote. Ukifika kazini asubuhi, ulianza na nini? Vitu viliingia kutoka wapi, na ulijuaje kwamba vilivyoingia ndivyo vilivyoandikwa? Nani walikuwa chini yako, nawe uliwafundisha nini? Kitu kilipopotea, ulifanyaje?

Mwanzoni alijibu kwa ufupi, kama aliyesimama gwarideni. Swali la mwisho ndilo lililomfungua. Alitusimulia siku aliyokabidhiwa lile ghala. Mtangulizi wake alikuwa na haraka ya kuhamia kituo kingine, akamwekea daftari mezani ili atie sahihi. Baba alikataa mpaka kila kitu kihesabiwe. Walihesabu kwa siku tatu, wakakuta mablanketi 41 yaliyomo daftarini hayamo rafuni. Aliuandika upungufu huo, akataka mtangulizi wake na ofisa wao washuhudie, ndipo akatia sahihi. Kisha akachunguza sababu, akagundua kwamba mablanketi yalikuwa yakitolewa usiku kwa ahadi ya mdomo, na karatasi huandikwa kesho yake, au haiandikwi kabisa. Akaweka kanuni kwamba hakuna kitu kitakachotoka kabla ya hati kutiwa sahihi na mpokeaji, hata kama mpokeaji ni mkubwa kwa cheo. Hesabu nne zilizofuata, moja kila miezi mitatu, hazikuwa na tofauti isiyoelezeka.

Tulimtazama. Tumeishi naye miaka yote hiyo na hatukuwa tumeisikia habari hii. Alipoulizwa kwa nini hakuiandika, alisema, "Hiyo ilikuwa kazi tu."

Hapo ndipo tulipopata tulichokuwa tukikitafuta. Mwenye ghala la mchele au la vipuri hana haja na kombania, lakini ana mablanketi yake 41 mahali fulani, na usiku hapati usingizi kwa ajili yake. Anatafuta mtu aliyekwisha kupambana na tatizo hilo. Tukaandika upya:

"Msimamizi wa ghala la vifaa, miaka 6. Niliongoza watu 9 katika kupokea, kupanga na kutoa mahema, mablanketi, vyombo vya jikoni na vyakula vikavu. Nililinganisha daftari na rafu kila baada ya miezi mitatu. Nilipopokea ghala nilikuta upungufu wa mablanketi 41. Niliuandikia taarifa, nikabadili utaratibu wa kutoa vitu, na hesabu 4 zilizofuata hazikuwa na tofauti isiyoelezeka."

Msomaji ataona kwamba nidhamu haikutajwa, nayo imo katika kila mstari. Jeshi hatukulificha. Chini ya maelezo hayo tuliandika kwamba mwajiri alikuwa Jeshi la Ulinzi la Kenya, pamoja na cheo na miaka, ili yalingane na cheti chake cha utumishi, kwa kuwa mwajiri makini atakiomba cheti hicho. Tulichobadilisha ni mpangilio: kazi ikatangulia, cheo kikafuata.

Mipaka miwili ilitusumbua. Wa kwanza ni siri. Waajiri hupenda tarakimu, ilhali mwanajeshi hata baada ya kustaafu anafungwa na Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187 ya sheria za Kenya. Baba mwenyewe ndiye aliyechora mstari: hakuna silaha, hakuna risasi, hakuna idadi ya askari wa kikosi, wala njia na nyakati za misafara. Tulihofu kwamba hakutabaki kitu. Kumbe kilibaki cha kutosha, kwani tarakimu zinazomfaa mwajiri ni za utendaji: watu aliowaongoza ghalani, hesabu alizofanya kwa mwaka, upungufu alioukuta na alioubakiza. Mablanketi na sufuria zilitosha kuonyesha yote hayo.

Mpaka wa pili ni kutia chumvi. Mpwa wetu mmoja alishauri tumwite "meneja wa ugavi na ununuzi", maana linapendeza machoni. Baba alikataa, naye alikuwa na haki. Yeye alipokea na kutoa. Hakununua, hakujadili bei wala hakuchagua mwuzaji. Tena ununuzi ni taaluma yenye sheria yake ya mwaka 2007, na wenye taaluma hiyo husajiliwa na taasisi yao. Mtu akijipa cheo hicho kwenye karatasi ataulizwa swali la pili katika usaili, na hapo ndipo ukweli wake wote utatiliwa shaka, pamoja na yale mablanketi.

Karatasi ilipokwisha tuliipima kwa shangazi, dada yake baba, anayeuza viungo Marikiti. Hajawahi kuingia kambini maishani mwake. Tukamsomea bila kumweleza lolote, kisha tukamwuliza huyu mtu alikuwa akifanya kazi gani. Akajibu papo hapo: "Huyu ni mtu wa ghala. Tena muulizeni, ilikuwaje na vyakula? Mzigo wa zamani alikuwa akiutoa kwanza, au aliuacha nyuma ukaoza?" Baba akacheka, akasema kwamba kila gunia lilitiwa tarehe ya kuingia kwa chaki, na lililotangulia kuingia ndilo lililotangulia kutoka. Tukaongeza mstari huo. Tangu siku ile twawaambia wenzetu: ikiwa mtu wa sokoni hajaielewa karatasi ya mumeo, meneja naye hataielewa, ila yeye hatakuambia.

Ikabaki usaili, na hapo tulikutana na tatizo ambalo hatukulitarajia. Tulimfanyia majaribio pale sebuleni, mama akiwa meneja. Kila alipoulizwa alichofanya, baba alijibu kwa wingi: tulihesabu, tuliandika, tulirekebisha. Jeshini ndivyo mtu alivyolelewa. Anayesema mimi huonekana mwenye kujivuna. Lakini msaili anaposikia "tulifanya" hubaki akijiuliza ni nani hasa aliyefanya, na aghalabu hudhani kwamba huyu aliyekaa mbele yake alikuwa akitazama. Sisi wenyewe tuandikao haya kwa wingi twajua jinsi ilivyo vigumu kulitoa neno mimi kinywani.

Tulikubaliana naye njia ya katikati. Ataeleza hali ilivyokuwa kwa maneno machache, kisha aseme jukumu lake lilikuwa lipi, kisha alichofanya yeye kwa nafsi ya kwanza, na mwisho matokeo. Sifa ya wenzake ataitoa wazi: "Wale 9 ndio waliohesabu, mimi ndiye niliyekataa kutia sahihi na niliyebadili kanuni." Hakuna kujivuna hapo, wala hakuna aliyedhulumiwa haki yake. Alirudia kwa jioni nne mpaka hadithi ya mablanketi ikatoka kwa dakika mbili, bila afande na bila kombania.

Barua ya 12 ilimfikisha mbele ya wasaili watatu. Walimwuliza kuhusu mablanketi kabla hajaketi vizuri. Alipewa nafasi ya msimamizi msaidizi wa ghala, kwa majaribio ya miezi mitatu, na mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo kuliko tulivyotumaini. Vyeo vya jeshini havikuhamia katika mshahara. Kilichohamia ni kazi anayoijua.

Siku ya kwanza alichelewa kurudi, chakula kikapoa. Tulipomwuliza kulikoni, alisema kwamba waliletewa daftari la zamu ili atie sahihi, naye akaomba rafu zihesabiwe kwanza. Vijana wa ghala walinung'unika kidogo, kisha wakaleta ngazi.