Macho ya Plasi 6

Shuleni waliniita Bundi. Miwani yangu ni plasi 6, na lenzi ya plasi ni kioo cha kukuzia tu: nene katikati, nyembamba ukingoni. Ikikaa milimita 12 mbele ya jicho, nguvu hiyo pekee hulikuza kwa karibu asilimia 8. Unene na mbinuko wa mbele huongeza zaidi.

Lenzi za asferiki zina mbinuko mdogo. Lenzi ya kawaida ukiilaza hivyo, ukitazama pembeni unaona ukungu. Kwa hivyo uso wa asferiki hubadilisha mkunjo polepole kuelekea ukingoni. Inakuwa nyembamba, tena inakaa karibu na jicho. Lakini plasi 6 ni plasi 6, bado naonekana kama mtu ameshtuliwa. Fremu ndogo ilinisaidia pia, maana lenzi ya plasi ikiwa pana, katikati lazima inenepe.