Vichwa Tisa Nilivyovibandika kwa Mkono

Nilikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo, na kosa ninalolieleza hapa nililifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, nikidhani nafanya kazi safi. Nilibandika kichwa cha jedwali katikati ya orodha ya wanachama ili kila karatasi itoke na kichwa chake. Kisha mambo yalipoharibika, nikasingizia printa.

Orodha ilikuwa kwenye Excel. Mistari mitatu ya juu ilibeba jina la chama, jina la taarifa na tarehe. Mstari wa nne ndio uliokuwa kichwa chenyewe: Na., Jina la Mwanachama, Hisa, Akiba, Mkopo. Wanachama walianzia mstari wa tano, wakipangwa kwa alfabeti, nao walikuwa 410. Nilipochapa mara ya kwanza, ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri, lakini kuanzia wa pili yalikuwa majina na tarakimu tupu. Mtu akishika karatasi ya sita peke yake, hajui laki sita iliyo mbele ya jina lake ni akiba au ni mkopo, na katika chama kama chetu hilo si jambo dogo.

Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaugandisha mstari wa kichwa kwa Freeze Panes. Kwenye kioo ulikuwa hauondoki hata nikishuka hadi mwanachama wa mwisho. Sikujua kwamba kugandisha ni kwa ajili ya kioo tu, na Excel haipeleki kugandisha huko kwenye karatasi. Badala ya kumuuliza anayejua, nikahesabu: ukurasa wangu wa A4 ulikuwa unachukua mistari 46. Nikaunakili mstari wa nne, nikauchomeka pale kila ukurasa mpya unapoanzia. Pamoja na mistari hiyo kurasa zikawa kumi, kwa hiyo vichwa vya kubandika vikawa tisa. Nikachapa, kila karatasi ikatoka na kichwa chake juu kabisa, na nikaridhika.

Siku chache kabla ya mkutano mkuu waliingia wanachama wapya wawili. Majina yao yote yalianza na A, nikawachomeka mahali pao karibu na mwanzo wa orodha, wanachama wakawa 412. Mistari yote iliyokuwa chini yao ikashuka hatua mbili, na vichwa vyangu vikashuka pamoja nayo. Mahali ukurasa unapokatika hapakusogea, kwa sababu karatasi ni ileile. Basi kuanzia ukurasa wa pili hadi wa kumi, kila karatasi ilianza na majina mawili, kisha kichwa cheusi chenye mistari ya mpaka, kisha wengine wote. Nilichapa jioni nikiwa na haraka, nikaangalia ukurasa wa kwanza tu, nikapiga stepla.

Mkutanoni nakala ziligawanywa kwenye mabenchi. Mzee mmoja akasimama, akanyoosha kidole kwenye karatasi yake.

"Mwanangu, sisi wawili tuliowekwa juu ya mstari ndio wadaiwa sugu?"

"Shikamoo mzee. Hapana, ni printa tu imesumbua."

"Marahaba. Mbona imesumbua kila ukurasa, na kila ukurasa ni wawili wawili?"

Sikuwa na jibu. Watu 18 walikuwa wamekaa juu ya kichwa, wametengwa na wenzao, na ukumbi mzima ukaanza kuwatafuta. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amechelewesha rejesho. Nilijua chanzo ni mimi, na bado nikalirudia lile la printa.

Pigo la pili lilitoka kwenye hesabu. Posho ya mkutano ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanachama, na idadi niliyompa mwekahazina ilitokana na fomula hii:

```
=COUNTA(B5:B425)
```

COUNTA huhesabu kila seli isiyo tupu, na haibagui jina la mtu na maneno "Jina la Mwanachama". Ilitoa 421. Mwekahazina akatoa benki shilingi 4,210,000 badala ya 4,120,000, na baada ya kugawa akabaki na 90,000 zisizo na mwenyewe. Dada yule alikesha akitafuta wanachama tisa ambao hawakuwahi kuwepo. Kilichonichelewesha kuliona kosa ni kwamba jumla za akiba na mikopo zilikuwa sahihi: SUM huruka maandishi, hivyo vichwa havikuigusa.

Nilipojaribu kurekebisha kwa kupanga upya orodha kwa majina, ndipo ukweli ulipojianika. Vichwa vyote tisa viliondoka mahali pake vikarundikana kwenye herufi J, baada ya akina Jamila na kabla ya akina John. Kwa Excel vilikuwa wanachama kama wengine, kwa kuwa mimi ndiye niliyeviandikisha.

Nilivyotengeneza ni hivi. Niliweka kichujio kwenye mstari wa nne, nikachagua "Jina la Mwanachama" peke yake katika safu ya majina, nikaifuta mistari tisa iliyojitokeza, nikakiondoa kichujio. COUNTA ikarudi 412. Kisha nikafungua Page Layout, nikabonyeza Print Titles, na kwenye kisanduku cha Rows to repeat at top nikaandika:

```
$4:$4
```

Ni hayo tu. Kuanzia hapo programu yenyewe ndiyo inayoweka kichwa juu ya kila ukurasa wakati wa kuchapa, bila kuongeza mstari wowote kwenye orodha. Ukiingiza mwanachama, ukibadilisha ukubwa wa herufi au ukichapa kwa printa nyingine, kurasa zinakatika upya na kichwa kinafuata. Anayetaka jina la chama na tarehe navyo vijirudie ataandika `$1:$4`, akikubali kwamba kila ukurasa kuanzia wa pili utapoteza mistari mitatu zaidi.

Kuna mahali watu hukwama. Ukipitia kwenye kiungo cha Page Setup kilicho chini ya ukurasa wa kuchapa, kisanduku hicho utakikuta kimefifia na hakiandikiki. Rudi Page Layout. Kitafifia pia ukiwa umechagua laha zaidi ya moja kwa pamoja, kwa sababu mpangilio huu ni wa kila laha na yake. Ndiyo maana ukinakili seli na kuzibandika kwenye laha mpya ya mwaka unaofuata, kichwa hakijirudii mpaka uandike tena. Wanaotumia LibreOffice Calc watakipata kwenye Format, Print Ranges, Edit, sehemu ya Rows to Repeat. Google Sheets inao utaratibu wake: mistari iliyogandishwa ndiyo inayorudiwa, iwapo Repeat frozen rows imewekewa alama.

Kabla ya kuchapa nabonyeza Ctrl+P, natazama ukurasa wa pili na wa mwisho. Wa kwanza hautoboi siri, kwa sababu huo una kichwa hata ukiwa umekosea kila kitu.

Katika mkutano uliofuata niliomba nafasi kabla ya ajenda ya kwanza. Nikawasomea majina ya wale 18, nikasema hakuna aliyekuwa mdaiwa sugu, kwamba printa haikuwa na kosa, na kwamba zile 90,000 zilizomkosesha mwekahazina usingizi zilitokana na vichwa nilivyobandika mimi. Niliomba hayo yaandikwe kwenye muhtasari, ili atakayeukuta uvumi ule wa wadaiwa sugu siku za mbele aikute na sahihi yangu chini ya maelezo ya kosa.