Karatasi ya Kumwita Mzazi

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu aliyenifundisha kazi ya ualimu baada ya chuo kunipa cheti. Msibani, mpwa wangu anayefundisha darasa la pili aliniuliza marehemu alisifika kwa lipi. Nikamjibu kwamba hakuwahi kukaa na mzazi wa mtoto aliyebaki nyuma bila kuandika ajenda kwanza. Kijana akashangaa. Kwake ajenda ni ya kikao cha kamati ya shule. Mzazi wa mtoto asiyejua kusoma huitwa, huambiwa, huondoka. Jibu lake limenikosesha usingizi, ndiyo maana naandika.

Barua yangu ya kupangiwa kituo inasema 1986. Shule ilikuwa pembeni mwa Muheza, na msimu wa machungwa harufu ya maganda ilituingilia madarasani ikachanganyika na vumbi la chaki. Madarasa yalikuwa yamefurika tangu miaka ya sabini. Desturi niliyoikuta ilikuwa hii: mtoto anapewa kikaratasi chenye maneno “mzazi fika shuleni bila kukosa”. Mzazi anafika, anasimamishwa mbele ya walimu watatu au wanne, anasomewa nafasi ya mwanawe darasani, anaambiwa mtoto ni mzito. Jioni mtoto anachapwa. Wiki inayofuata haonekani shuleni.

Marehemu hakukubali desturi hiyo. Alikuwa na ubao wa kubania karatasi na kalamu ya risasi iliyofungwa uzi. Siku mbili kabla ya mzazi kuja alimwita mtoto, akamsomesha peke yake chini ya mwembe, akaandika kila kosa kama lilivyotamkwa. Hapo ndipo alipoanza kuandika ajenda, ukurasa mmoja tu. Mzazi alipofika walikaa kwenye benchi moja, ubavu kwa ubavu, karatasi katikati. Meza ya mwalimu mkuu hakuitaka hata siku ya mvua.

Kisa ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha 1988 au mwaka uliofuata; tuuache hapo. Kijana wa darasa la tatu, akilelewa na bibi yake, alikuwa anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Ajenda yake ilikuwa na mambo matano, na mkutano ulipangiwa nusu saa.

La kwanza lilikuwa kile anachoweza. Hapo marehemu hakuruhusu maneno kama “ana tabia nzuri”, kwa kuwa hayamsaidii mtu. Aliandika: anasoma silabi zote zenye konsonanti moja na irabu moja, anasoma “baba”, “kaka” na “sita” bila kusita, akisomewa hadithi anaisimulia upya kwa mpangilio. Bibi aliposikia hayo alinyanyua uso. Alikuja akitarajia kusutwa.

La pili lilikuwa zamu ya mzazi, na lilipewa muda mrefu kuliko mengine yote. Marehemu aliuliza swali moja tu: “Bibi, asubuhi yake huwaje kabla hajafika huku?” Akanyamaza. Ndipo tulipojua kwamba kijana alipitisha maandazi majumbani kabla ya kengele, na somo la kusoma lilikuwa kipindi cha kwanza. Siku nyingi aliingia likiwa limekwisha. Daftari la mahudhurio halikutuonyesha hilo, kwa sababu liliitwa baada ya kipindi hicho, naye kila siku aliwekewa alama ya kuwepo. Kama mwalimu angeanza kusema yeye, habari ile isingetoka.

La tatu lilikuwa pengo lenyewe, kwa sentensi moja isiyofunikwa: “Anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na kinachomkwamisha ni konsonanti zinazofuatana.” Akaonyesha ushahidi: “ndama” alisoma “nadama”, “kwetu” akasoma “kuwetu”. Bibi hakujua kusoma, lakini makosa aliyasikia kwa masikio yake. Mpwa wangu alidhani kuanza na mazuri ni kumfariji mzazi. Mzazi aliyefarijiwa tu huondoka akiamini mambo ni shwari. Kwa hiyo marehemu alimwomba bibi arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Bibi akasema, “Nitamkomesha uvivu huo.” Hiyo ndiyo dalili kwamba mzazi amesikia aibu peke yake. Marehemu hakubishana naye; alirudi jambo la kwanza, akamsomea tena anachoweza, kisha pengo, mpaka bibi akasema, “Basi anazijua moja moja, zikiambatana ndipo anapokwama.”

La nne lilikuwa lengo, na lilikuwa moja tu: baada ya wiki sita asome habari ya maneno arobaini yenye “mb”, “nd” na “kw”, makosa yasizidi matano. Walimu wengi huharibu hapa kwa kuorodhesha kusoma, hesabu, mwandiko na usafi, na mzazi hajui aanze na lipi. Chini ya lengo ziligawanywa kazi za watu watatu. Mwalimu atamsomesha dakika kumi baada ya uji, kwa kuwa saa hiyo yupo. Bibi atabadilisha njia ya maandazi ili nyumba za mbali ziachwe mpaka jioni, na usiku atasikiliza mjukuu akisoma kisha amuulize habari inasema nini. Kwa kazi hiyo kutojua kusoma si kizuizi. Kijana mwenyewe, aliyeitwa kwenye benchi dakika za mwisho, atachagua habari ya kusoma nyumbani. Alichagua ya mbuzi.

La tano lilikuwa tarehe ya kukutana tena, iliyoandikwa palepale na kusainiwa, bibi kwa dole gumba.

Wiki sita zilipopita alikosea maneno manane. Lengo halikufikiwa, na karatasi ilionyesha kwa nini: “mb” na “nd” zilikuwa zimekaa, “kw” bado. Wakaongeza wiki tatu kwa hiyo moja. Mwisho wa mwaka alikuwa bado nyuma ya wenzake, ila alisoma vitabu vya darasa la pili, na hakuacha shule.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Ada ilifutwa, madarasa yakajaa upya, ukaja mtaala wa KKK 2015, zikaja simu. Siku hizi natumiwa picha za matokeo kutoka makundi ya wazazi: majina ya watoto wote na nafasi zao, wa mwisho akionekana na mtaa mzima. Jambo hilo linaniudhi sana. Mzazi anajua mwanawe ni wa themanini na nne, wala hajui kama anashindwa herufi, silabi au kuelewa alichosoma. Shule imemwambia cheo cha mtoto ikamficha tatizo lake.

Mpwa wangu ana watoto zaidi ya mia, na ananiambia haiwezekani. Kwa watoto mia, kweli haiwezekani. Marehemu naye hakuandika mia. Aliandika wawili kwa wiki, akianza na wale wasiosoma hata silabi. Nimempa mpwa wangu mambo yale matano kwa mpangilio wake, nikamsihi asimwite mzazi yeyote kabla hajamsomesha mtoto peke yake na kuandika makosa yake. Akikosa hayo, jambo la kwanza na la tatu hayatakuwa na kitu cha kuandikwa, na mzazi atarudi nyumbani na aibu ileile ya 1986.