Simu ya wifi yetu wa Mwankoko



Kaka yetu anaoa Singida, huko Mwankoko, na sisi dada zake wanne wa Unguja tulishachanga shilingi 350,000 za simu ya bi harusi. Ijumaa usiku wifi akatutumia kiungo kwa WhatsApp: "Mawifi zangu, nimeona Samsung, laki tatu na ishirini tu! Ofa inaisha saa sita." Simu hiyo hiyo Darajani tuliiona kwa zaidi ya laki nane.

Tovuti ilipendeza, tusidanganyane. Kile kikufuli cha pembeni mwa anwani kilikuwepo, na wifi alikiamini hicho. Lakini kufuli linasema tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Halisemi anayekipokea ni nani, na hata tapeli hulipata bure.

Chini ya ukurasa waliandika, "Tunawahudumia tangu 2015." Hapo ndipo tulipoanzia, maana jina la tovuti lina tarehe yake ya kuzaliwa. Tulifungua `lookup.icann.org`, tukaandika jina la tovuti hadi `.com` bila yanayofuata, tukatafuta mstari ulioandikwa `Created`. Jina lilikuwa na siku 19. Miaka yote hiyo walikuwa wanauzia wapi? (Majina yanayoishia `.tz` yana daftari lake la hapa nchini, msiyatafute humo.)

Lakini umri peke yake hautoshi. Duka la kweli nalo lina wiki yake ya kwanza, na tovuti ya zamani inaweza kuuzwa au kuvamiwa. Tukaenda kwenye malipo. Walitaka pesa kwa namba ya kawaida, siyo lipa namba. Dada mkubwa akaingiza namba ile na kiasi kama anayelipa kweli, na kabla hajaweka namba ya siri simu ikamwonyesha jina la mpokeaji: la mtu binafsi, halihusiani kabisa na duka. Akaghairi hapo hapo, na hakuna shilingi iliyotoka.

Kisha tukawapigia. Tuliomba watume simu kwa basi la Singida, wifi afungue boksi kwenye ofisi ya mizigo, aione, ndipo alipe. Wakajibu kwamba utaratibu hauruhusu, na tusipolipa usiku ule bei inapanda.

Wifi alinuna siku mbili. Jumatatu akaenda Singida mjini, akapata simu ya chini kidogo kwa pesa yetu ile ile. Akabonyeza `*#06#` palepale dukani, akatuma zile namba 15 kwenda 15090 ya TCRA, na jibu liliporudi na aina ya simu aliyoishika mkononi, akalipa. Alitaka nyeusi, iliyokuwepo ni ya zambarau.