Sahani ya Karatasi na Sinia la Nyumbani

Leo tunakuja na habari ya skuli, lakini msiondoke, maana mwisho wake umerudi jikoni kwetu sote, na kwa bi arusi anayejiandaa kuanza jiko lake umerudi zaidi.

Sisi watatu tuliombwa na mwalimu wa darasa la pili, huku Unguja, tuwasomeshe watoto wake kipindi kimoja cha chakula bora. Watoto 42, dakika 40. Siku moja kabla tulikaa barazani tukakata maboksi ya biskuti tukachora kadi za vyakula ambavyo mtoto wa kwetu anavijua: wali, muhogo, mkate wa boflo, chapati, mbatata, ndizi mbichi, choroko, maharage, mbaazi, dagaa, kibua, yai, mchicha, kisamvu, bamia, tungule, embe, papai na ndizi mbivu. Tukachora na sahani saba kubwa za karatasi, moja kwa kila kundi la watoto sita. Kila sahani tuliigawa kwa mistari: nusu nzima ya mboga na matunda, robo ya vyakula vya nguvu kama wali na muhogo, na robo ya vyakula vya kujenga mwili kama samaki, yai na choroko.

Jambo moja tulikubaliana mapema. Hatutamuuliza mtoto yeyote, "Jana usiku mlikula nini kwenu?" Swali hilo linamfichua mtoto ambaye jana alikunywa chai na muhogo tu, na akishaona haya somo limekwisha kwake. Tutapanga kadi, hatutapanga nyumba za watu.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kutenganisha kadi mafungu matatu, na hapo tuliona wapi watoto wanakwama. Makundi matano kati ya saba waliitia mbatata kwenye mboga. Wana haki, kwa sababu nyumbani mbatata inapikwa mchuzi na kuliwa na wali. Lakini mwilini mbatata inafanya kazi ile ile ya wali, kwa hiyo wali kwa mchuzi wa mbatata, pamoja na kipande cha chapati, ni chakula cha nguvu mara tatu na robo ya kujenga mwili iko tupu. Ndizi nayo iliwagombanisha. Tukawaambia: ikiwa mbichi ya kupika, kaa na muhogo; ikiwa mbivu ya kumenya, kaa na embe. Choroko na maharage wengi waliviweka na wali kwa kuwa ni punje. Tukavihamishia kwa samaki, tukaeleza kuwa siku ambayo samaki hakununulika, bakuli la choroko linashika nafasi yake.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa kupakua. Kila kundi lijaze sahani yake, na kipimo kiwe mkono wa mtoto mwenyewe: ngumi yake moja ya wali au muhogo, kiganja chake kimoja cha samaki au choroko, na mboga na matunda yanayojaa viganja viwili vilivyokingwa. Mkono wa mtoto ni mdogo na chakula chake ni kidogo, na mkono ukikua kipimo kinakua nao. Mwenye njaa akaongeza, aongeze kila upande, si wali peke yake.

Tulikuwa tumeridhika kabisa mpaka tulipofika kundi la dirishani. Sahani yao ilikuwa nzuri, ila kadi ya kibua ilikuwa pembeni kabisa, nje ya mstari. Tukauliza nani ameiweka huko. Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wenzake, akasema taratibu, "Mimi, mwalimu. Huyo yuko kati. Mimi nala kilicho mbele yangu."

Tulitazamana sisi watatu. Tumechora sahani ya mtu mmoja, na nyumba nyingi za kwetu watoto wanakula sinia moja. Wali unatandazwa, kitoweo kinawekwa kati, na mtoto aliyefundishwa adabu ya Mtume wetu (S.A.W.) ya kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho karibu naye, hanyooshi mkono. Wakubwa wenye mikono mirefu na haraka wanamaliza kati, yeye anashiba wali mkavu na mchuzi kidogo. Mama akitazama sinia limekwisha anasema alhamdulillahi, watoto wamekula. Kweli wamekula, lakini hawakula chakula kimoja.

Tukaacha tulichopanga kwa mzunguko wa tatu. Tuliomba sinia la mwalimu, tukalijaza vipande vya karatasi nyeupe kuwa wali, tukaweka kadi sita za samaki katikati, tukawakalisha watoto sita. "Bismillahi, kuleni." Kwa muda mfupi tu wawili walikuwa na samaki wawili wawili, wawili wana mmoja mmoja, na wawili hawana kitu. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza. Tukarudisha samaki, safari hii tukaweka mmoja mbele ya kila mtoto, na mchicha vile vile, fungu dogo mbele ya kila mmoja. Adabu ile ile, mkono ule ule, na kila mtu akapata. Ilikuwa ni kazi ya mpakuaji tangu mwanzo, si ya mtoto.

Tuliwaachia jambo moja la mwisho: kukamulia ndimu kwenye mchicha au choroko, kwa sababu ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, na kuisogeza chai ya rangi mbali na chakula, kwa sababu inayazuia.

Wiki mbili baadaye mama wa yule mtoto alitukuta njiani. Alikuwa anacheka. "Nyinyi ndio mlionitia kazini? Mwanangu hakubali sinia lishuke mpaka samaki agawiwe." Kwao wanakula saba, na vibua anavyonunua ni vinne. Akatwambia bado ni vinne vile vile, hakuongeza hata senti. Ila sasa anavichambua jikoni, anatoa miba, anagawa mafungu saba na kuyapanga ukingoni mwa sinia, na siku kitoweo kikiwa kidogo anaongeza choroko za nazi. Hakujua, alisema, kwamba mdogo wake alikuwa halipati fungu lake. Alidhani hapendi samaki.

Basi bi arusi, somo wako atakufundisha mengi, na sinia la kombe utapewa katika vyombo vyako inshaallah. Siku utakapokuwa na watoto wamelizunguka, usitazame kama limekwisha. Tazama mbele ya yule mdogo kabla hawajasema bismillahi: wali upo, mboga ipo, na kitoweo kipo? Kama hakipo mbele yake, mtoto mwenye adabu hatakifuata.